Kitabu cha Benki Alichokishika Baba Mdogo

Hadi leo nikikumbuka kile kitabu cha benki, damu inanichemka.

Baba alipofariki, baba mdogo aliingia nyumbani kwetu Kisegi akachukua kitabu cha akiba cha mama. "Nitakitunza," akasema. Kutunza! Akaunti ilikuwa ya mama, jina lake, pesa za omena, dagaa wa ziwani, aliyouza kwenye jua kali. Lakini kwa baba mdogo, aliyeshika kitabu ameshika pesa. Miaka miwili baadaye nikaitwa kidato cha kwanza, naye akakataa kukitoa. "Msichana wa nini shuleni? Aolewe."

Zikiwa zimebaki siku tatu tu niripoti shuleni, mama alinipeleka benki, Homa Bay. Karani akamwambia bila kitabu hawezi kutoa pesa. Kama kimepotea, akachukue barua ya polisi, aape mbele ya wakili, alipie kitabu kipya na kukisubiri.

"Wewe sema tu kimepotea, mama," nikamnong'oneza.

"Hakijapotea. Najua kiko wapi. Siapi uongo."

Ai! Nilitaka kupasuka. Mama alikuwa ameokoka, lakini wokovu gani huu wa kuninyima shule?

Mama hata hakunitazama. Akamuuliza karani, "Na mtu mwingine akikileta hapa, atapewa?"

"Bila dole gumba lako? Thubutu!" Akamwonyesha kadi inayotunzwa na benki, yenye picha ya mama na alama ya dole aliyoweka siku ya kufungua akaunti.

Tuliporudi, mama alipitia kwa baba mdogo. "Shemeji, kama kitabu ndicho pesa, kesho nenda ukatoe wewe."

Mjinga yule alicheka kwa furaha. Asubuhi alitukuta tumeketi kwenye benchi ya benki, akatupita kifua mbele, akasukuma kitabu dirishani.

"Mzee, hii ni akaunti ya mwanamke," karani akasema, akitazama picha. "Ni wewe?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani akakizuia kitabu, akamwita mama, akaangalia kitambulisho chake. Kwanza akaandika kitabuni riba ya ile miaka miwili. Kisha mama akabonyeza dole kwenye wino, akaweka alama kwenye fomu ya kutoa pesa. Karani akailinganisha na ile ya kadi, akampa karo yangu, akaandika kiasi kilichotoka na kilichobaki, akapiga muhuri. Kitabu kikaingia kifuani mwa mama.

Nje, baba mdogo akatufuata. "Shemeji, sina nauli ya kurudi."

Haki ya Mungu, mimi ningemwacha atembee hadi Kisegi! Mama akafungua leso, akampa.

"Nauli ndiyo hiyo," akasema. "Lakini kesho sanduku la mtoto utabeba wewe."

Alilibeba kichwani mpaka getini pa shule. Mama alimshukuru. Mimi sikumshukuru, na sitamshukuru.