Mrija wa Mwenyekiti

Majina ya watu wa hadithi hii ninayo yote kichwani, hata la mlinzi wa lango. Siyaandiki, maana wengine bado tunakutana nao kanisani.

Miaka hiyo ya elfu mbili mume wangu alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa kuuza mbegu na mbolea. Duka kubwa lilikuwa Kitale, madogo yalikuwa Bungoma, Misikhu na Sirisia. La Bungoma alilisimamia yeye mwenyewe, nami nilikaa hapo kupima mbegu. Kompyuta zote ziliunganishwa na mashine moja ya Kitale, seva yetu wenyewe, kwa njia iliyofungwa iliyoitwa VPN. Kila duka lilikuwa na ufunguo wake wa kuingilia, na kila kitu lilichotaka mtandaoni kilipita Kitale kwanza. Mwenye kuiangalia seva hiyo alikuwa mke wa mwanangu.

Sasa kwetu, mke wa mwana na baba mkwe hawazoeani. Hawapeani mkono, hawakai meza moja, na mke kumwambia mkwe makosa yake usoni ni jambo la kutafutiwa kondoo wa kuchinjwa kusafisha aibu. Neno likiwapo, hupitia kwangu.

Msimu wa kupanda ulipofika, njia ikaziba. Mkulima wa Sirisia anasimama na mfuko begani, risiti haitoki. Wakurugenzi wakasema kama mambo hayatengenezwi kabla ya mvua kukolea, watarudi kwenye vitabu, na mke wa mwanangu aende nyumbani.

Mkutano ukaitwa Kitale. Mwenyekiti akasimama.

"Kuna mtu anakunywa ya wenzake," alisema. "Ni hawa vijana wa Misikhu, bana. Ati wanaangalia mpira kazini. Nataka kila duka lipimiwe mtandao wake. Sawasawa, bila kubagua."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, na nilijua kila siku, mchana mzima, mume wangu alikuwa dukani akivuta mtandaoni filamu za mieleka ya wazungu. Filamu moja iliingia Kitale, ikatoka tena kwenda Bungoma, ikachukua njia yote kuja na kwenda.

Mke wa mwanangu alinifuata jikoni tulipokuwa tukimimina chai.

"Mama, ufunguo unaovuta naujua. Seva inanionyesha."

"Hata mimi naujua. Unalala kitandani kwangu."

Hakucheka. "Nitamwambiaje?"

"Usimwambie. Si amekuagiza mwenyewe mbele ya watu?"

Akanieleza atakavyofanya. Kila duka lina namba yake isiyobadilika ndani ya ile njia, kwa hiyo kila namba ataiwekea kiasi chake. Wengine wakinyamaza, duka moja laweza kuvuta zaidi. Wakirudi, linarudi kwenye fungu lake. Nikaelewa upesi. Nimekua nikiona wazee wamezunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mwenye pumzi kubwa huwamalizia wenzake, isipokuwa mirija iwe na tundu sawa.

Siku ya pili risiti za Sirisia zilitoka kama maji. Za Bungoma pia zilitoka. Filamu ya mzee ndiyo iliyokwama, mwanamieleka akiwa na mguu mmoja hewani.

"Mtandao umeharibika," akaniambia.

"Mbona risiti zinatoka?"

Akaguna. Baada ya chakula cha mchana, mwanamieleka akiwa hajateremsha mguu, akanituma Kitale. "Mwambie yule msichana aiongezee Bungoma kidogo. Mwenyekiti ana mambo mengi."

Nilienda. Mke wa mwanangu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kana kwamba mzee mwenyewe yumo chumbani.

"Mama, nikimfungulia, Sirisia watasimama tena. Wakurugenzi watakaofika hapa na hasira hawatamfuta kazi mwenyekiti."

Nikarudi na jibu, lakini nililivalisha nguo nzuri kidogo.

"Anasema amri ya mwenyekiti hawezi kuigusa," nikamwambia. "Mpaka mwenyekiti arudi mkutanoni awaeleze wakurugenzi ni kitu gani Bungoma inavuta kushinda wenzake."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Huyo msichana ana heshima," alisema. "Basi aache hivyo hivyo."

Mke wa mwanangu alibaki na kazi yake. Mzee alijifunza kuvuta mieleka alfajiri, maduka mengine yakiwa yamefungwa. Njia ilimruhusu, naye aliona ni ujanja wake mwenyewe. Na mpaka mwisho wa msimu, kila mkutano, alisimama akawatazama vijana wa Misikhu.

"Mmeona?" alikuwa akisema. "Tangu niwapimie, wizi umekwisha."

Wale vijana wakajibu, "Ndiyo, mzee," nami nikaendelea kumimina chai, vikombe vyote sawa.