Hakuna Aliyekufa

Siku ile kwenye duka la jumla mjini Machakos tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu anayenifuata, Msomali mwenye duka, mama yake aliyekuwa akinywa chai nyuma ya kaunta, na mfanyabiashara mmoja wa Matuu aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni.

Huyo wa Matuu alikuwa akiomba aongezewe muda wa kulipa. Mama yake amefariki, alisema, na akajipangusa macho.

"Mazishi ya mama yako nilichangia mwezi wa nne," mwenye duka akamwambia.

"Huyo alikuwa mama mkubwa, mzee."

"Na wa mwezi wa kwanza?"

"Huyo... wa kambo."

Mdogo wangu akanigusa mbavuni. Njia nzima kutoka Lukenya alikuwa amenisihi niseme tumefiwa. Ningeweza. Mama na baba walikuwa wamekufa kweli, nikaacha shule darasa la saba ili wadogo zangu watatu wale. Tulikula kutoka kibanda chetu cha unga na sukari karibu na machimbo ya mawe. Mwenye duka akikataa kutuongezea muda, kibanda kinafungwa.

Zamu yetu ikafika.

"Deni lako ni Jumatatu," akasema. "Leo ni Ijumaa. Mbona umekuja mapema? Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Nani mgonjwa?"

"Sisi sote tuko wazima, mzee."

Akaweka kalamu chini. "Umeibiwa?"

"Hapana. Mashine ya machimbo iliharibika, wafanyakazi hawajalipwa. Wananunua kwangu kwa mkopo. Watalipwa tarehe tano. Jumatatu sitakuwa na elfu kumi na nane zako. Naomba nikulipe nusu tarehe sita na nusu tarehe ishirini. Leo niko na elfu tatu." Nikamfungulia daftari langu la wadeni.

Alilisoma kurasa zote, kisha akanitazama kama mtu aliyepewa noti asiyoijua. "Mama yako je?"

"Alikufa kitambo. Lakini si yeye aliyechelewesha pesa yako."

Yule bibi akacheka hadi chai ikamwagika, akamwambia mwanawe jambo kwa Kisomali. Mwanawe hakucheka. Alihesabu zile elfu tatu, akachukua moja, akanisukumia mbili.

"Hizi nunua unga. Kibanda kitupu hakilipi deni. Mpaka umalize, mkopo mpya hakuna, ni pesa mkononi tu."

Akaandika: elfu nane na nusu tarehe sita, elfu nane na nusu tarehe ishirini. Nikatia sahihi.

"Na mimi je?" yule wa Matuu akauliza kutoka mlangoni.

"Wewe nenda ukazike."

Nje, mdogo wangu akajitwisha unga huku akinung'unika. "Ungelia kidogo tu, angetupa hata miezi miwili."

"Na mwezi wa tatu ningemuua nani?"

Akafikiri. "Shangazi," akasema.

Tukashika njia ya Lukenya, tukiwa bado na deni la elfu kumi na saba.