Gauni la Harusi na Muuza Sumu ya Panya

Marehemu shangazi yangu, Mungu amlaze mahali pema, alishona nguo katikati ya soko kwa miaka mingi, na hakuwahi kumchelewesha bibi harusi. Jumamosi moja nusura amcheleweshe.

Gauni lilikuwa tayari, jeupe, refu, kwenye hanga. Bibi harusi alikuwa kwao, amesukwa, amepakwa poda, amejifunga khanga anasubiri. Niliita gari kwa simu yangu. Dereva akapiga.

"Nimefika. Mko wapi?"

"Tuko hapa, kwa mafundi cherehani."

"Mimi naona samaki tu."

Chini ya lile paa la mabati simu ilikuwa imekosea, ikaweka alama yetu kwenye lango la nyuma.

"Njoo lango la mbele, kwenye mwavuli mwekundu," nikamwambia.

Akazunguka. "Dada, miavuli yote huku ni myekundu! Na mgambo ananifukuza. Muda wa kusubiri ukiisha, naondoka."

Shangazi akaninyang'anya simu. "Mwanangu, ukiondoka, kuna mtu ataolewa kavaa khanga leo. Unasikia nini hapo?"

"Nasikia panya, mende, kunguni."

Ilikuwa kanda ya muuza sumu, jirani yetu wa meza ya pili, iliyolia kwenye kipaza sauti kutwa nzima.

"Unaisikia simuni au dirishani?"

Akashusha kioo. "Simuni tu, mama."

"Basi usisogee hata kidogo." Akamgeukia muuza sumu. "Jirani, beba panya wako, twende barabarani!"

"Na wateja wangu?"

"Panya hawahami leo. Twende!"

Akatangulia, kipaza sauti begani. Shangazi akafuata, gauni ameliinua juu ya vichwa vya watu lisiguse tope. Mimi nyuma, nimeshika mkia wa gauni. Wauza nyanya wakapiga vigelegele. Mmoja akauliza, "Bwana harusi ndiye huyo wa panya?"

"Afadhali huyu," akajibu mwenzake, "nyumba haitakuwa na mende!"

Tulipotokea kwenye maduka ya ndoo, simu ikapiga kelele. "Mama, sasa nasikia dirishani! Halafu naona gauni linakuja lenyewe, halina mtu!"

"Lina watu, fungua mlango!"

Bibi harusi alivaa huku gari la kanisani likipiga honi nje. Aliingia kanisani kwa wakati.

Tangu hapo dereva yule akawa wa shangazi. Akihitaji gari, shangazi alimpigia moja kwa moja.

Siku ya mazishi ya shangazi, dereva alikuja. Ramani ilikuwa imempeleka mtaa wa nyuma yetu. Aliniambia hakumpigia mtu yeyote. Alishusha kioo, akasikia tunaimba tenzi, akafuata sauti mpaka mlangoni. Kando yake, kwenye kiti cha mbele, alikaa muuza sumu, kipaza sauti mapajani, amekizima.