Kilichokula Bando la Mama Pacha

Shoga yangu Mama Pacha ni msusi, na kwa mkono wake sina la kusema. Tatizo ni wivu. Mimi nashona nguo mlango wa pili, kwa hiyo vituko vyake vyote naviona bila kiingilio.

Wivu wenyewe ni juu ya Kisura. Binti huyo alifundishwa kusuka na Mama Pacha, kisha akafungua saluni yake ng'ambo ya barabara, na sasa anarusha video kila siku. Ukimtaja tu, Mama Pacha anavuta nywele mpaka mteja anatoa machozi.

Mwezi mmoja bando la Mama Pacha la intaneti la wiki likawa halifiki hata katikati ya wiki. Wateja humtumia picha za mitindo, na bando likiisha hawampati. Akamvaa mumewe.

"Baba Pacha, unajiunganishia intaneti yangu uchati na wanawake zako!"

"Mke wangu, nachomelea mageti kutwa nzima. Wanawake gani?"

Fundi simu akaitwa kuamua ugomvi. Akaweka programu ya kupima matumizi, akaingiza ukubwa wa bando, akaiagiza itoe onyo likikaribia kuisha. Siku chache baadaye tukaifungua. Intaneti iliyogawiwa simu nyingine: sifuri. Ujumbe wa wateja: kiduchu. Juu kabisa, iliyomeza karibu bando zima, ni programu ya video.

"Unaangalia nini humo, mama?" fundi akauliza. "Hakuna kinachokula bando kama video."

Baba Pacha akafungua video alizotazama mkewe. Kisura anasuka. Kisura anacheka. Kisura anaonyesha kiti kipya. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

"Namchunguza!" Mama Pacha akafoka. "Lazima nijue ananiibia mitindo gani."

Ijumaa akaja bibi harusi mwenye wasimamizi kibao, kazi ambayo Mama Pacha aliililia mwaka mzima. Akaahidi kutuma picha za mitindo jioni, wakubaliane. Jioni simu ikalia onyo: bando linakaribia kuisha. Mama Pacha alikuwa katikati ya video ya Kisura, akalifuta onyo kama anafukuza nzi.

"Funga hiyo, shoga! Bibi harusi atakutumiaje picha?"

"Ngoja kwanza. Hebu ona anavyofunga nywele vibaya!"

Video ikaganda. Salio la kununua bando jingine hana.

Asubuhi alipoweka bando, picha zikaingia kwa mkupuo, na nyuma yake ujumbe: "Dada, upo?" Kisha, "Mbona kimya?" Kisha, "Basi dada, usijisumbue, nimepata mwingine."

Nikampa pole. Alifungua programu ya video. Bibi harusi alikuwa kwenye kile kiti kipya, meno yote nje, na Kisura anaitazama kamera: "Asanteni mnaonitazama kila siku. Bila nyinyi nisingefika hapa."

Mama Pacha akaitazama mpaka mwisho, akairudia.