Kiwanja cha Mama na Bei ya Undugu

Tarehe kumi na mbili Aprili, masika yakiwa yamekolea, tulimpoteza mama. Alituachia, mimi na dada yangu, kiwanja kitupu pembezoni mwa Ifakara, mita ishirini kwa thelathini. Kitupu ni namna ya kusema tu. Mama alikuwa amepanda mihogo humo, na kila Jumapili alikwenda kuitazama kama mtu anayemtembelea mgonjwa.

Mwezi wa tisa dada alikuja kutoka Mngeta. Mvua za masika zilikuwa zimeangusha ukuta wa nyumba yake, akahitaji sehemu yake ili ajenge. Mimi nilitaka kiwanja kibaki kwetu. Nilikuwa nimeuza mpunga na ng'ombe mmoja, nikapata milioni moja na laki mbili. Basi tukakubaliana: kithaminiwe, nami nimlipe dada nusu.

Mthamini alikuwa mwanamke wa rika la dada, mpole, mwenye viatu vya kutembelea. Alianzia kwa mwenyekiti wa mtaa, akauliza viwanja vilivyouzwa karibuni. Vilipatikana vitatu. Kimoja kiko kando ya barabara ya changarawe, kiliuzwa Julai, elfu kumi kwa kila mita ya mraba. Cha pili kiko mbali zaidi na maji na shule, elfu sita. Cha tatu kinapakana na cha mama, njia ni hiyohiyo, na ukubwa unalingana. Hicho kiliuzwa elfu tatu.

"Kinachofanana zaidi ndicho kinachobeba uzito," alisema tukiwa tumesimama kwenye mihogo. "Naona kama elfu nne hivi."

Nilipiga hesabu kichwani. Elfu nne mara mita mia sita, ukigawa kwa mbili, ni milioni moja na laki mbili. Ilikuwa kana kwamba mama mwenyewe ameipanga.

Dada alilalamika. "Elfu nne? Kutoka hapa hospitali si mbali, unakatiza tu mashambani!"

"Na masika, mama, unakatiza wapi?" mthamini aliuliza.

Dada akacheka. "Masika mashamba yanajaa maji, unazunguka kwenye tuta. Bajaji haifiki hapa, mama alipozidiwa humu kwenye mihogo tulimtoa kwa kumbeba."

"Basi nahesabu umbali wa tuta."

Mwenyekiti alikuwa mgeni katika kiti chake, hakujua habari za kiwanja cha jirani. Mimi nilizijua. Siku ya mauziano nilikuwepo, nilikula wali wao. Mzee mwenye kiwanja alimuuzia binti wa marehemu kaka yake, akasema mbele yetu, "Nakupa kwa bei ya undugu, ujenge karibu nizeekee kwako." Kwenye karatasi ya mauziano waliandika kiasi tu. Maneno yale hayakuandikwa.

Nilimgeukia mthamini. Nikamweleza habari hizo zote.

Mthamini hakukasirika. Alisema bei ya ndugu haionyeshi soko, akakiweka kando kiwanja kile. Akarudi kwa viwili vilivyobaki. Cha barabarani alikipunguza, kwa sababu chetu hakigusi changarawe, na kwa sababu Julai watu wana fedha za mavuno. Cha mbali alikiongeza, kwa kuwa chetu kina maji na shule karibu. Kisha akatoa kidogo kwa ajili ya njia inayozama. Ikawa elfu sita na mia tano.

Nusu yake, karibu milioni mbili, ikanishinda kwa mbali.

Tulitembea kurudi mjini. Karibu na soko dada akanisukuma bega.

"Mama alikulea vibaya. Mtu anafungua mdomo kujikata mwenyewe?"

"Alitulea pamoja, dada."

"Haya. Chukua kwa hiyo uliyo nayo. Na mimi nakupa bei ya undugu."

Alikuwa anamaanisha. Namjua. Lakini ukuta wake ulikuwa umezibwa kwa turubai, na wajukuu wanalala nyuma ya turubai hilo.

"Yule mzee alikuwa na nyumba yake imesimama," nikamwambia. "Wewe huna."

Akafunga khanga kiunoni, akanitukana kwa Kindamba, lugha yetu, tusi lilelile ambalo mama alitutukana kwa upendo, na macho yake yakajaa machozi.

Kiwanja tulimuuzia muuguzi mmoja wa hospitali, kwa bei iliyokaribia ile ya mthamini. Alituambia mihogo ni yetu, hakununua mihogo. Jumamosi tukaing'oa, mimi na dada. Ilikuwa mikubwa kuliko tulivyodhani. Dada aliipima kwa mkono, akisema kila mara, "Tazama mama huyu!"

Tuligawana mizizi. Miti ya mihogo dada aliichukua yote, akaifunga kwa kamba ya katani, ili akaipande Mngeta. Kondakta wa basi aligomba kwamba inamchoma abiria.

"Mwambie asogee," dada akamjibu, akaipakata.

Basi likaondoka, vichwa vya miti vikiwa nje ya dirisha.