Tangazo Lililojificha Ndani ya Asante

Nilimpitisha kwa sababu ana adabu. Hilo ndilo kosa langu, na nalisema mapema ili msomaji asije akadhani anasimuliwa na mtu mwenye akili nyingi. Kazi yangu ilikuwa kutazama video ya binti mmoja wa mitandaoni, mwenye wafuasi wa kujaza viwanja, na kusema kama ameweka wazi kuwa amelipwa kuyasifia mafuta ya nywele. Nikatazama, nikaona ameshukuru vizuri, nikaandika: wazi.

Kazi hii naifanyia nyumbani, Kirongwe, juu ya kigoda kilichobanwa kati ya dirisha la jikoni na pipa la maji, kwa kuwa hapo ndipo simu inaposhika mtandao bila kubembelezwa. Mimi ni mtu wa ndani. Mjini Kilindoni naenda nikikosa hila ya kutokwenda. Wakiniuliza nafanya kazi gani nasema natazama simu, nao hunijibu kwamba hiyo hata wao wanaifanya, tena kwa bidii kunishinda. Ukweli ni kwamba kampuni moja ya matangazo ya Dar es Salaam huwaunganisha wafanyabiashara na watu maarufu wa mitandaoni, kisha hutuma kila posti kwa watu kama mimi, wenye cheti cha kidato cha nne na muda mwingi, tuikague. Mtu akipewa fedha au hata bidhaa ya bure ili aiseme, mtazamaji lazima aelewe hivyo bila kuchimba. Basi. Si kazi ya kujenga daraja.

Binti huyu nilikuwa namjua kabla sijatumiwa video yake. Kusema "namjua" ni kujipendelea, yeye hanijui. Tangu mdogo wangu aolewe Kilwa na nyumba ibaki na mimi na panya mmoja asiye na haya, nilikuwa nashinda na video zake. Akipika, napika. Akisema "haya wapenzi, tule," nami navuta sahani yangu mbele ya simu, nasema bismillahi, tunakula. Kuna siku nilimwambia chumvi imezidi. Ilikuwa imezidi kwangu, lakini niliona nimshirikishe.

Kwa hiyo video ya mafuta ilipofika kwenye zamu yangu, nilijiweka sawa kwenye kigoda kama mtu aliyetembelewa. Binti alikuwa amekaa kitandani, anajisuka, anaeleza jinsi nywele zake zilivyokuwa zikikatika. Akamimina mafuta kiganjani. Kisha akaitaja kampuni ya mafuta kwa jina na kusema anawashukuru sana kwa kumkaribisha kwenye familia yao, Mungu awazidishie. Katika maandishi ya chini, baada ya mistari mitatu, ukibonyeza neno "zaidi", ukapita alama za reli zilizorundikana kama dagaa kwenye jamvi, unakuta herufi mbili za kifupisho cha Kiingereza cha kusema nimedhaminiwa. Ule utambulisho ambao mtandao wenyewe huuweka juu, chini ya jina la mtu, kwamba hapa kuna ushirikiano wa kulipiwa, hakuuwasha.

Yote hayo niliyaona. Nikajiambia, sasa kamtaja tajiri wake kwa jina na kumshukuru mbele ya umma, unataka nini tena? Kwetu mtu akitendewa jema husema hadharani. Kwenye harusi kuna mwanamke kazi yake ni kusimama na kutangaza shangazi fulani kaleta sufuria, na vigelegele vikapigwa. Nikaona asante ile ni ya namna hiyo hiyo. Nikampitisha, na nikajisikia nimemfanyia rafiki hisani.

Siku ya tatu msimamizi wangu alinipigia. Ni msichana mdogo kwangu, ananiita dada, na ana sauti ya mtu asiyekaa chini. Alisema mtazamaji mmoja amelalamika kwamba kadanganywa, na kampuni ya mafuta yenyewe imeuliza, kwa sababu ina video nyingine zinakuja na haitaki aibu. Hakuniambia nimekosea. Aliniambia niitazame tena kisha niandike hukumu yangu kabla ya alasiri.

"Ila dada, safari hii usitazame kama mkaguzi," akasema. "Tazama kama mtu anayesubiri wali uive."

Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, binti akionekana hakuweka wazi itakuwaje. Akasema posti itashushwa mpaka irekebishwe, na kwa kuwa alikwisha kuonywa mara moja mwezi uliopita, mkataba wake na wao unaweza kuvunjwa. Posti zake nyingi zilikuwa zinapitia kwao. Nilielewa maana yake upesi kuliko nilivyotaka: nikiandika "haitoshi", huenda nikabaki na panya.

Nikaitazama tena. Tatizo ni kwamba mimi nilikwisha kujua amelipwa, na mtu anayejua hawezi kujifanya hajui. Kila neno linaonekana kwake kama ungamo. Nilihitaji macho ya mtu mwingine. Nikatoka uani, jambo ambalo kwa saa ile ya mchana lilikuwa habari, nikasimama penye ua wa makuti.

Jirani yangu ni mwanamke mtu mzima, mjane, ulimi wake haujawahi kupumzishwa. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna msiba. Akasema basi labda nyumba inaungua, maana mimi jua huliona kwa barua. Nilipomaliza kutaniwa nilimpa simu juu ya ua, nikamwomba atazame video moja na asiniulize kitu. Akafuta mikono kwenye kanga, akaishika simu mbali na uso kama kitu kinachoweza kumrukia, akatazama hadi mwisho. Akaomba arudie. Neno "zaidi" hakuligusa. Hakuwa na sababu ya kuligusa, mtu anatazama nywele.

Nikamuuliza kwa nini anadhani yule binti anayasema yale mafuta.

"Si anayapaka? Mtu husema anachopaka."

Na ile asante, je?

"Kakaribishwa, kashukuru. Ulitaka akae kimya kama wewe?"

Hakuna mahali ilipomjia kwamba kalipwa. Nilizungukazunguka, nikamuuliza kama kuna lolote alilolitilia shaka. Akasema analitilia shaka lile shuka la kitanda, jeupe mno kwa mtu anayejipaka mafuta. Kisha akanirudishia simu na kuniambia nimwagizie chupa moja kwa mwenye duka mmoja wa Kilindoni, kwa ajili ya mjukuu wake wa Ndagoni ambaye nywele zimemkatika tangu ajifungue. Alisema mwenyewe angempa mafuta ya nazi anayoyapika hapo uani, lakini mtoto yule wa kwenye simu kasema kayatumia mwenyewe na kapona, na hana sababu ya kumdanganya.

Hana sababu. Nilirudi kwenye kigoda na maneno hayo. Sababu anayo, imeandikwa kwenye mkataba, na mimi ndiye niliyewekwa pale dirishani ili jirani yangu aijue. Asante ile kwake haikuwa tangazo. Ilikuwa adabu, na adabu ilimfanya amwamini binti zaidi kuliko kama angenyamaza. Nilikuwa nimeipitisha kwa kigezo kilekile kilichompoteza yeye. Tofauti yetu ni kwamba mimi nalipwa kwa kutopotea.

Nilikaa na simu muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nilijaribu kuona kama kuna namna ya kuandika neno la katikati, lenye mguu mmoja huku na mmoja kule. Lipo, watu wa ofisini wanayajua mengi. Nikamfikiria binti akipigiwa simu na kuambiwa aishushe video. Nikajifikiria mimi wakati wa chakula cha usiku, na sahani, na ukuta. Kisha nikaandika kwamba haitoshi. Nikaeleza kuwa shukrani haimwambii mtazamaji kwamba kuna malipo. Kuwa kifupisho cha Kiingereza kilichofichwa mwisho wa maandishi ya Kiswahili hakimsaidii asiyekifungua na hata akikifungua hakimsaidii asiyekijua. Kuwa utambulisho wa mtandao haukuwashwa. Nikapendekeza aseme mwenyewe mwanzoni mwa video, kwa Kiswahili, kuwa ni tangazo na amelipwa, na maneno hayo yawe mstari wa kwanza wa maandishi. Mwisho nikaongeza kuwa hukumu yangu ya kwanza ilikuwa ya kijinga. Msimamizi akanijibu kuwa hiyo sehemu ya mwisho ataifuta.

Mkataba haukuvunjwa. Binti aliirekodi video upya, shuka lilelile, akaanza kwa kusema, "Kabla sijasema lolote, hili ni tangazo, nimelipwa na mafuta nimepewa." Alilisema vizuri, bila kununa. Nilifurahi hata nikampigia makofi pale jikoni.

Lakini kampuni yetu ya matangazo ilitaka posti zake za nyuma walizozisimamia nazo zitazamwe upya, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeanza, nikapewa mimi. Ile ya pilau, tuliyokula pamoja, iligharamiwa na watu wa viungo. Pakiti ilikuwa pembeni ya sahani muda wote, nami nilidhani ni ya kwake tu. Jioni ile ya mvua aliyosema hajisikii kuongea na mtu ila sisi, chupa ya chai aliyoikumbatia ilikuwa na mwenyewe, naye alilipa. Moja baada ya nyingine niliziandika haitoshi, haitoshi, haipo. Kwa mkono wangu. Zikashushwa, nyingine zikarudi zikiwa na neno tangazo mbele, na nikagundua siwezi kula mbele ya tangazo. Sasa nakula nikitazama pipa.

Juzi jirani aliniita uani, akataka kujua chupa yake imefika wapi. Nikamweleza yote, taratibu, kwamba yule binti alikuwa kalipwa kusema vile, kwamba ndiyo kazi yangu kulijua hilo, kwamba nilichelewa kumwambia na sasa aamue mwenyewe kama bado anayataka. Nadhani sauti yangu ilitetemeka kidogo nilipofika kwenye pilau. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu asichomfanyia mtu, kisha akasema:

"Mimi mafuta bado nayataka, niagizie. Anayelia ni wewe, unamlilia mtu hata hakujui."