Msimbo wa Shubiri Mbili

Nilijua. Nalisema hilo mwanzoni nisije nikajitetea baadaye.

Tulikuwa wakufunzi wawili wa muda kwenye mafunzo ya walimu pale Same, na mradi ulitaka abaki mmoja. Walimu wenyewe ndio wangeamua: kila mkufunzi amalize somo lake, aonyeshe msimbo wa QR ukutani, na anayemtaka auskani kwa simu, ajaze jina la shule yake, ampigie kura. Dakika tano, basi. Mwenzangu alikuwa binti wa Myamba, huko milimani, mpole mpaka anakera, na alifundisha vizuri kuliko mimi. Hilo liliniuma sana.

Asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, aliwasha projekta. "Kaka, hebu niangalizie."

Msimbo wake aliuweka chini kabisa, pembeni, upana wa shubiri mbili. Juu yake kulijaa shukrani kwa wageni rasmi. Kiungo chake nacho kilikuwa kirefu, kwa hiyo vile viraba vyeusi vilisongamana, vidogo kama chawa. Akasimama hatua mbili kutoka ukutani, akaelekeza simu, fomu ikafunguka.

"Uko sawa kabisa," nilimwambia.

Mimi nilishaumbuka Makanya kwa kosa hilohilo. Tangu hapo napima: kila hatua kumi kutoka ukutani mpaka benchi la mwisho zinadai msimbo wenye upana wa hatua moja. Ukumbi ule ulikuwa na hatua kumi na tano. Msimbo wangu ulijaza slaidi, kiungo kifupi, mweusi juu ya weupe, na ukingo mweupe pande zote. Nilijua pia nani angekaa nyuma: walimu wa milimani, ambao gari lao huchelewa kushuka. Watu wa kwao.

Binti alipomaliza somo lake walimu walimpigia makofi, nyuma kuliko mbele. Simu zikainuliwa. Vichwa vya mbele viliziba nusu ya msimbo. Waliosimama waliuona wote lakini simu hazikuusoma. Waliovuta picha karibu walipata ukungu. Mwalimu mmoja mtu mzima aliifuta kamera kwa tai yake, akajaribu tena, akairudisha simu mfukoni.

"Kisimu changu kimechoka," alimnong'oneza jirani yake, asichekwe na walimu wa mjini. Jirani naye akaificha yake. Hakuna aliyenyoosha mkono, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao.

Alipata kura tisa. Mimi arobaini na moja.

Jioni alikuja kunipa hongera, begi mgongoni, macho mekundu.

"Wa mjini siwalaumu, kaka. Nimesoma majina ya shule. Wale wa kwetu, hata mmoja? Nimewakosea nini?"

"Ndivyo watu walivyo, dada," nilimjibu, nikambebea begi mpaka stendi.

Nasikia mpaka leo akikutana na walimu wale njiani huko juu anawapita bila kuwasalimia. Mimi bado nafundisha ukumbi uleule, na somo langu la kwanza ni ukubwa wa msimbo.